Usimwite Smith Mhunzi

Mpunga ulikuwa umeshaingia ghalani mama mmoja wa Idete aliponijia hapa Ifakara, mkononi ana daftari la mwanafunzi na simu yenye kioo kilichopasuka. Kifungua mimba wake alikuwa mmoja wa watoto waliotiwa katika jaribio la chanjo ya malaria pale Idete, miaka ya mwanzo ya tisini. Leo mtoto huyo ana watoto wake. "Mwalimu," akaniambia baada ya salamu, "walimchoma mwanangu sindano, kisha wakaenda wakaandika. Mimi nataka nijue walichoandika."

Kijana wa jirani yake anayesoma Morogoro alikuwa ameipiga picha nakala ya makala yenyewe na kumtumia kwa WhatsApp. Mtu mwingine, msamaria mwema, akamtafsiria kurasa mbili katika lile daftari: ukurasa wenye mchoro na ukurasa wa marejeo. Nikaanza kusoma marejeo. Smith T alikuwa amegeuka Mhunzi T. Tanner M alikuwa Mtengeneza Ngozi M. Jarida la Nature lilikuwa Asili. Nilipofungua ukurasa wa mchoro, maneno yaliyo chini ya mchoro, ambayo ndiyo mama yule aliyahitaji, yalikuwa yameachwa nusu kwa Kiingereza kwa sababu "ni ya kitaalamu." Msamaria yule alitafsiri pasipotafsirika akaacha panapotafsiriwa. Kosa hilo nimelikuta mara nyingi, kwa hiyo naandika jinsi ninavyoifanya kazi hii mwenyewe.

Makala yenyewe ilitoka katika Lancet mwaka 1994. Inaeleza jaribio la chanjo iitwayo SPf66, iliyobuniwa na Manuel Elkin Patarroyo wa Kolombia, kwa watoto 586 wa Idete wenye umri wa mwaka 1 hadi 5. Kila mtoto alipangwa kwa bahati nasibu, ama apate chanjo ama apate sindano isiyo na chanjo hiyo, bila mzazi wala mchomaji kujua nani kapata nini. Katika orodha ya marejeo ya makala nyingine, kazi hiyo huandikwa hivi:

```
Alonso PL, Smith T, Armstrong Schellenberg JRM, et al.
Randomised trial of efficacy of SPf66 vaccine against
Plasmodium falciparum malaria in children in southern
Tanzania. Lancet 1994; 344: 1175-81.
```

Maneno yaliyo chini ya mchoro yanamsemesha msomaji. Yanamwambia mstari huu ni wa nani, alama hii ina maana gani, namba hii imehesabiwaje. Asipoyaelewa, mchoro mzima ni uzi uliotatizika. Rejeo halimsemeshi mtu. Ni anwani ya mahali makala ilipowekwa, na anwani huandikwa kama ilivyo mlangoni. Ukimwandikia mgeni kwamba ashukie "Kituo cha Nyumba Nyeupe" ilhali kibao cha pale kimeandikwa jina jingine, atapitiliza. Anayetaka kuipata makala ile hawezi kuipata kwa Mhunzi, maana hakuna maktaba yoyote duniani iliyomwandikisha kwa jina hilo.

Nianze na picha, kwani makosa mengi huzaliwa hapo kabla kalamu haijashikwa. Karatasi za majarida ya zamani zinang'aa, na taa ya simu huacha doa jeupe katikati ya ukurasa. Izime. Toa nakala nje, kivulini, ilaze juu ya meza, kisha ishike simu iwe sambamba na karatasi ili mistari ya juu na ya chini itoke na ukubwa mmoja. Piga picha moja ya ukurasa mzima, ili baadaye ujue kila kitu kilikaa wapi. Halafu usogee upige ya pili, ya mchoro pamoja na maneno yake tu. Marejeo huchapwa kwa herufi ndogo kuliko zote katika makala, kwa hiyo yapige vipande vipande, na kila kipande kirudie mistari miwili au mitatu ya kipande kilichotangulia. Bila marudio hayo huwezi kujua kama kuna rejeo lililoangukia katikati ya picha mbili.

Kisha kuna kutuma. WhatsApp hubana picha ili isafiri haraka, na kinachokufa kwanza katika kubanwa ni herufi ndogo. Mwambie anayekutumia aichague picha kama faili, si kama picha ya kawaida. Picha za mama yule zilikuwa zimepita kwa watu watatu, na hata kwa miwani sikuweza kutofautisha 3 na 8 katika ukurasa wa marejeo. Tulimpigia simu yule kijana, akazituma upya kama faili, na dakika kumi hizo zilituokoa na kubahatisha kwa siku nzima.

Sasa maneno ya mchoro. Sitanukuu ya jarida. Nimetunga ya mfano, ya aina unayoikuta katika makala za malaria za bonde letu. Chukulia kuna mchoro wa mistari miwili inayoshuka kuelekea kulia, na chini yake kuna aya ya maandishi madogo. Tafsiri yangu ingekuwa hivi:

"Mchoro 2. Sehemu ya watoto ambao bado hawajapata malaria yenye homa, kwa kila wiki tangu dozi ya tatu. (A) Watoto wote. (B) Watoto waliokuwa chini ya miaka 3 walipochanjwa. Mstari mzito: waliopata chanjo. Mstari wa vidoti: wasioipata. Malaria yenye homa ni joto la mwili la 37.5 °C au zaidi pamoja na vimelea zaidi ya 20,000 katika mikrolita moja ya damu [13]. Vijiti vya wima: 95% CI."

Tazama nilichokiacha. Namba ya mchoro imebaki 2, hata kama kwenye karatasi yangu ni mchoro wa kwanza, kwa sababu ndani ya makala mwandishi atasema "tazama Mchoro 2" na msomaji lazima aukute. Herufi (A) na (B) zimebaki kwa sababu zimechapwa ndani ya mchoro wenyewe na siwezi kuzifuta. CI nayo imebaki kwa sababu hiyo hiyo, lakini haijaachwa yatima. Chini ya tafsiri huongeza mstari mmoja wangu mwenyewe, nikiutia alama kwamba ni wa mtafsiri, unaosema CI ni mipaka ambayo ndani yake watafiti wanaamini jibu la kweli linaangukia. Katika mstari huo huo naeleza maneno yaliyochapwa kwenye mihimili: mhimili wa chini ni wiki, mhimili wa kushoto ni sehemu ya watoto, na 1.0 maana yake ni watoto wote. Mtafsiri akisahau mihimili anamwachia msomaji mchoro wenye miguu lakini hauna kichwa.

Neno lililonichukua muda mrefu zaidi ni homa. Daftarini msamaria alikuwa ameandika "watoto wasiopata homa," na kwa masikio ya Idete hilo lina maana kwamba watoto hao hawakuwahi kuchemka. Kwetu homa ni ya mafua, ya meno, ya uchovu, ya kila kitu. Mchoro hauhesabu homa hizo. Unahesabu homa iliyopimwa kwa kipimajoto na kukutwa pamoja na vimelea wengi damuni. Watafiti waliofanya kazi Bagamoyo walichapisha mwaka 1996 makala kuhusu majina ya homa kwa Kiswahili cha wenyeji, wakaonyesha kwamba degedege wengi hawakulihesabu kuwa malaria kabisa. Kwa hiyo usitafsiri ugonjwa kwa neno moja pale mwandishi alipoufafanua kwa vipimo. Andika "malaria yenye homa," kisha uache vipimo vikae karibu yake. Sentensi inarefuka, na sioni haja ya kuomba radhi kwa hilo.

Jingine ni mistari. Nakala nyingi zetu ni nyeusi na nyeupe, na maneno ya chini ndiyo pekee yanayosema mstari mzito ni wa nani. Ukiipindua, chanjo iliyosaidia inageuka chanjo iliyodhuru, na hakuna kitakachokupigia kelele. Mimi huweka kidole juu ya mstari, nasoma tafsiri yangu kwa sauti, kisha nauliza kama inalingana na sentensi ya mwandishi katika mwili wa makala. Mwandishi akisema waliochanjwa waliugua kidogo zaidi, mstari wao unapaswa kushuka polepole zaidi.

Halafu namba, na hapa Lancet lina mitego yake. Jarida hilo haliandiki nukta ya desimali chini ya mstari kama sisi. Huiweka katikati ya urefu wa tarakimu, hivi: 37·5. Katika picha hafifu nukta hiyo hutoweka, na joto la mtoto linakuwa 375. Hilo utaligundua, maana hakuna mtoto wa joto hilo. Lakini 0·46 ikiwa 046, au 1·4 ikiwa 14, si rahisi kushtuka. Maelfu nayo huchapwa kwa nafasi badala ya mkato, yaani 20 000, na anayenakili kwa haraka huona ishirini, kisha sufuri tatu zilizopotea njia. Katika tafsiri geuza vyote viwili viwe kwa desturi yetu: 37.5 na 20,000. Hiyo ni lugha, na lugha hutafsiriwa. Ila fanya hivyo katika maneno ya mchoro tu. Kwenye rejeo usiguse hata mkato.

Ile [13] niliyoiweka katika mfano ndiyo mahali maneno na anwani vinapokutana, na ndiyo inayowasumbua wengi. Katika karatasi asili namba hiyo ilikuwa ndogo na imepanda juu ya neno. Ikinakiliwa vibaya inashuka na kuungana na kilicho kabla yake, hata mwaka 1992 wenye rejeo la 13 unakuwa 199213. Na kuna namba ndogo za juu ambazo si marejeo kamwe: 10³ ni elfu moja, wala si kumi ikifuatiwa na rejeo la tatu. Ukiona namba ndogo, tazama imekalia nini. Ikikalia neno, nukta au mkato, kwa kawaida ni rejeo. Ikikalia kumi iliyotanguliwa na alama ya kuzidisha, ni hesabu. Mimi huzishusha namba za marejeo zote na kuzitia katika mabano ya mraba, toka mwanzo wa tafsiri hadi mwisho, ili zisichanganyike tena. Zisibadilishwe wala kupangwa upya. Wapo wanaopanga orodha kwa alfabeti ili ipendeze. Wakishafanya hivyo, [13] iliyo chini ya mchoro inamwelekeza msomaji kwa makala ya mtu mwingine.

Majedwali yana alama badala ya namba: nyota, msalaba mdogo, msalaba wenye mikono miwili. Picha hupenda kuugeuza msalaba kuwa herufi t au alama ya kujumlisha. Ukikuta t imening'inia pembeni ya namba, tafuta ndugu yake chini ya jedwali kabla hujaiandika.

Kwenye orodha ya marejeo kazi si ya kutafsiri tena, ni ya kunakili, na kunakili kuna nidhamu yake. Orodha huchapwa kwa safu mbili au tatu katika ukurasa mmoja. Programu ya simu inayosoma maandishi kutoka kwenye picha wakati mwingine hupita mlalo, ikaunganisha nusu ya mstari wa rejeo la 1 na nusu ya mstari wa rejeo la 14. Dalili yake ni rejeo lenye miaka miwili au majarida mawili. Kata picha safu kwa safu kabla ya kuisomesha.

Majina yaache yalivyo, pamoja na mpangilio wake. Jina la ukoo hutangulia na herufi za majina mengine hufuata bila nukta. Armstrong Schellenberg ni ukoo mmoja wenye maneno mawili. Usimgawe. Mama yule alifurahi mno alipoona katika orodha ndefu ya waandishi wa makala ile majina ya kwetu, Masanja, Urassa, Kitua, Kilama, na akaniuliza kwa nini hayo hayakutafsiriwa. Nikacheka. Msamaria wake aliyatambua kuwa ni majina ya watu, akasahau kwamba Smith naye ni jina la mtu.

Maneno "et al" nayo hubaki ndani ya rejeo. Katika maneno ya mchoro nitaandika "Alonso na wenzake," kwa kuwa pale ninazungumza na msomaji. Katika orodha sizungumzi na mtu. Vichwa vya makala vilivyo kwa Kifaransa au Kijerumani pia viache katika lugha hiyo hiyo, na majina ya majarida yaliyofupishwa yabaki yamefupishwa. Kurasa 1175-81 zina maana ya 1175 hadi 1181, lakini usizirefushe. Na marejeo ya miaka ya tisini kwa kawaida hayakuwa na namba ndefu ya kidijitali inayoanza na 10 kama ya siku hizi. Kama haimo katika karatasi, usiitunge.

Je, msomaji asiyejua Kiingereza apotee kabisa? Hapana. Kwa marejeo machache anayoyahitaji, huandika chini yake, katika mabano ya mraba, kichwa kwa Kiswahili. Kwa lile la Alonso nitaandika: [Jaribio la kupima nguvu ya chanjo ya SPf66 dhidi ya malaria kwa watoto wa kusini mwa Tanzania.] Mabano ya mraba nimeyaazima kwa wakutubi wa PubMed, ambao huyatumia kwa vichwa vilivyotafsiriwa. Mabano hayo yanakaa chini ya rejeo, wala hayachukui nafasi yake. Nikiyafanya kwa marejeo yote thelathini, orodha inakuwa msitu, kwa hiyo huchagua matatu au manne.

Kuhakiki ulichonakili hakuhitaji kuujua Kiingereza. Ukurasa wa mwisho hauwezi kutangulia wa kwanza. Mwaka wa rejeo hauwezi kuupita mwaka wa makala yenyewe, isipokuwa pale mwandishi ameeleza kwamba kazi ilikuwa bado mtamboni. Lancet hutoa juzuu mbili kwa mwaka: 1994 ni 343 na 344, 1995 ni 345 na 346, na hivyo hivyo kwenda mbele. Daftarini mwa mama yule palikuwa na Lancet 1994 juzuu 844. Haipo. Ni 3 iliyolewa. Mwenye intaneti anaweza kwenda mbali zaidi na kuandika kwenye kisanduku cha PubMed:

```
"Lancet"[jour] AND 344[volume] AND 1175[page] AND 1994[pdat]
```

Ikitokea makala moja, na mwandishi wa kwanza ni yule yule, umenakili sawa. Isipotokea kitu, rudi kwenye picha. Kumbuka pia SPf66 ina f ndogo katikati, ambayo picha huifanya I au 1, na utafutaji wa SPI66 hautakupeleka popote.

Tulifanya hivyo pamoja, mama akishika simu na mimi nikisoma namba. Ikafunguka. Matokeo yaliyoandikwa pale ni kwamba chanjo ilipunguza malaria kwa 31%, mipaka ikiwa 0 hadi 52. Daftari lake lilikuwa na 31 peke yake, imepigiwa mstari. Nikamweleza kwamba ule mpaka wa chini, sufuri, una maana huenda chanjo haikukinga karibu chochote, na ndiyo sababu 31 haipaswi kutembea bila wenzake wawili. Tukalifuata neno SPf66 hadi makala ya 1999, ya Acosta na wenzake, walioipima chanjo hiyo hiyo hapa Tanzania kwa watoto wachanga, ikitolewa pamoja na chanjo za kawaida za kliniki. Humo nguvu yake ilikuwa 2%, mipaka ikiwa −16 hadi 16. Kile kistari kabla ya 16 ya kwanza ni cha kutoa, si cha "hadi." Nikamwandikia kwa maneno: kumi na sita chini ya sufuri.

Akaandika vyote viwili daftarini, kila rejeo kwa Kiingereza chake, kwa herufi kubwa za kutulia, na Kiswahili chini katika mabano. Kisha akaurudia mchoro, akaweka kidole kwenye mstari mzito, akakihamishia wa vidoti. "Sasa wangu yuko huku au huku?" Nikamwambia mchoro hautaji mtoto, na maneno ya chini hayawezi kusema zaidi ya mchoro. Lililoandikwa pale ni watoto wangapi, si nani. Akaitazama mistari ile kwa muda, akafunga daftari, akaniuliza bodaboda ya mwisho ya Idete huondoka saa ngapi.